Wimbo wa Darasani na Kimya cha Mtihani: Kwa Nini Neno Lililokaririwa Halikai

Miongoni mwa mambo ambayo mtoto wa Kenya hukutana nayo mapema katika somo la Kiswahili ni orodha ya nomino za makundi. Mkungu wa ndizi, tita la kuni, mtungo wa samaki, doti ya leso, robota la pamba, thurea ya nyota. Orodha hiyo huandikwa ubaoni, hunakiliwa daftarini, kisha darasa zima huiimba kwa sauti moja mara tatu, mara nne, hata mara kumi. Kesho yake mwalimu hutaja neno la kwanza na darasa hulidaka la pili pasipo kusita. Muhula unapokaribia kwisha, mwalimu yuyo huyo huuliza kundi la nyota huitwaje, na darasa lililokuwa likiimba hubaki likitazamana.

Aghalabu kimya hicho hufasiriwa kuwa uvivu au wepesi wa kusahau. Dawa inayotolewa ni ile ile iliyoleta ugonjwa: orodha iimbwe tena, na safari hii mara ishirini. Mimi hufundisha isimu chuoni, na hupokea kila mwaka wanafunzi waliolelewa kwa dawa hiyo. Ukimwuliza mmoja wao mofimu ni nini, atakupa fasili yake neno kwa neno kama iliyopigwa chapa. Ukimpa kitenzi "walipikiana" akigawe katika mofimu zake, kalamu husimama. Fasili anayo, lakini anayo kama mtu aliye na ufunguo asiojua ni wa mlango gani.

Makala haya yanahusu swali moja tu. Je, kurudia jambo mara nyingi kunalipeleka jambo hilo katika kumbukumbu ya kudumu, au kuna kazi nyingine ambayo akili inapaswa kuifanya? Swali hili limechunguzwa kwa makini na wanasaikolojia tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na majibu yao yanamhusu kila anayesimama mbele ya ubao na kila anayekaa mbele yake.

Mwaka wa 1968 wataalamu wawili wa Marekani, Richard Atkinson na Richard Shiffrin, walitoa maelezo ambayo yalipata wafuasi wengi. Walisema kwamba kumbukumbu ni kama ghala mbili. Ya kwanza ni ndogo na hutunza mambo kwa muda mfupi tu. Ya pili ni pana na hutunza mambo kwa muda mrefu. Neno likiingia katika ghala ndogo, mtu huliweka hai kwa kulirudiarudia, na kadiri linavyokaa humo ndivyo linavyopata nafasi ya kuvuka kwenda katika ghala kubwa. Maelezo haya yaliafikiana vyema na desturi ya kukariri. Mwalimu anayewaambia wanafunzi waimbe mara kumi anaamini, hata kama hakupata kumsikia Atkinson, kwamba muda ndio unaolipa nauli ya kuvukia.

Mwaka wa 1972 Fergus Craik na Robert Lockhart, wote wawili wa Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, waliipinga hoja hiyo. Walidai kwamba kinachoamua kama jambo litakumbukwa ni kina cha kazi ambayo akili inalifanyia jambo lenyewe, wala si urefu wa muda linaokaa akilini. Neno lililoandikwa laweza kushughulikiwa katika viwango mbalimbali. Katika kiwango cha juujuu, mtu hutazama umbo lake tu: herufi zake, urefu wake, wino ulioliandika. Katika kiwango cha kati, hushughulikia sauti: linavyotamkwa, linashabihiana kwa kina na neno gani. Katika kiwango cha ndani, hushughulikia maana: linataja nini, linahusianaje na mambo anayoyajua, linakaa wapi katika sentensi na katika maisha. Alama inayobaki akilini, walisema, ni matokeo ya kazi hiyo. Kazi ya juujuu huacha alama inayofutika upesi, na kazi ya maana huacha alama inayodumu.

Craik na Lockhart walitofautisha pia aina mbili za kurudia, na tofauti hii ndiyo kiini cha makala yangu. Kuna kurudia kwa kushikilia, ambako mtu hutaja jambo tena na tena katika kiwango kile kile ili lisimponyoke, kama afanyavyo mtu aliyeambiwa nambari ya simu naye hana karatasi. Kuna pia kurudia kwa kujenga, ambako kila mara mtu anapolirejelea jambo huliongezea uhusiano mpya na mambo mengine. Aina zote mbili huitwa kukariri katika mazungumzo yetu ya kila siku, na ndiyo maana tunazichanganya. Walidai kwamba ile ya kwanza huliweka neno midomoni kwa sasa, nayo ya pili ndiyo huliweka akilini kwa baadaye.

Madai ni jambo moja na ushahidi ni jambo jingine. Jaribio ambalo mimi hupenda kulieleza kwa wanafunzi wangu ni lile la Craik na Michael Watkins la mwaka wa 1973, kwa sababu linapima kurudia kwa kushikilia peke yake. Nitalieleza kwa maneno ya Kiswahili ili msomaji alione likitendeka.

Chukua mtu umwambie: "Nitakusomea orodha ya maneno. Kazi yako ni moja. Orodha ikiisha, uniambie neno la mwisho lililoanza kwa herufi m." Kisha msomee polepole: dirisha, mlango, taa, kikombe, mkeka, mzigo, nazi, bahari, kofia, jembe, mbuni, na kadhalika. Hajui orodha itakoma wapi. Anaposikia "mlango", inambidi alishike, maana huenda ndilo la mwisho. Analishika huku "taa" na "kikombe" yakipita, kisha linakuja "mkeka" naye analiachilia "mlango". Lakini "mkeka" hakai nalo hata kidogo, kwa kuwa neno linalofuata papo hapo ni "mzigo". "Mzigo" nalo analishika kwa muda mrefu, kwani maneno manne yanapita kabla ya "mbuni" kufika. Kwa ujanja huu mtafiti anajua ni kwa muda gani kila neno limeshikiliwa akilini, na mshiriki mwenyewe hana habari kwamba jambo hilo linapimwa.

Baada ya orodha nyingi za namna hiyo, mshiriki aliambiwa kwa ghafla aandike maneno yote yenye herufi ile aliyoyasikia tangu mwanzo. Kama muda wa kushikilia ndio unaolivusha neno, basi maneno ya aina ya "mzigo" yangekumbukwa zaidi ya maneno ya aina ya "mkeka". Haikuwa hivyo. Maneno yaliyoshikiliwa muda mrefu hayakukumbukwa zaidi ya yale yaliyoachiliwa mara moja. Mshiriki aliyashikilia kwa bidii, lakini bidii yenyewe ilikuwa ya kungoja tu, na hakuna alichoyafanyia maneno hayo.

Sasa tutazame upande wa pili, yaani maana. Mwaka wa 1975 Craik na mwenzake wa Toronto, Endel Tulving, walichapisha mfululizo wa majaribio yaliyojengwa kwa utaratibu rahisi. Mshiriki huulizwa swali, kisha huoneshwa neno moja kwa moja ya tano ya sekunde, naye hujibu ndiyo au la. Maswali yalikuwa ya ngazi mbalimbali. Kwa Kiswahili tungesema hivi, tukichukua neno "kalamu". Swali la umbo: Je, neno hili limeandikwa kwa herufi kubwa? Swali la sauti: Je, neno hili lina kina sawa na "salamu"? Swali la maana: Je, neno hili linafaa katika sentensi "Aliazima ___ ya mwenzake ili aandike barua"? Washiriki waliambiwa kwamba uchunguzi unahusu wepesi wa kutambua maneno. Hakuna aliyeambiwa akumbuke chochote.

Kisha walipewa mtihani wasioutarajia: haya hapa maneno mengi, yatambueni yale mliyoyaona. Kwa maneno yaliyopata jibu la "ndiyo", yale yaliyoulizwa swali la umbo yalitambuliwa kwa kiasi kisichofika asilimia 20 katika jaribio la kwanza, nayo yaliyoulizwa swali la sentensi yalitambuliwa kwa zaidi ya asilimia 90. Maneno ya sauti yaliangukia katikati. Wasomaji wazingatie kwamba maneno yalikuwa ya aina moja, yalioneshwa kwa muda ule ule, kwa watu wale wale. Kilichobadilika ni swali tu.

Mwenye kushuku atasema: labda swali la maana huchukua muda mrefu kulijibu, na kwa hiyo muda ndio uliofanya kazi. Craik na Tulving waliliona pingamizi hilo na kulipima. Walitunga swali la juujuu lakini gumu, ambalo lilimlazimu mshiriki kupambanua mpangilio wa konsonanti na irabu katika neno. Kazi hiyo iliwachukua washiriki takriban mara mbili ya muda wa swali la sentensi. Hata hivyo, maneno ya sentensi ndiyo yaliyotambuliwa kwa wingi zaidi. Mwanafunzi anayetoka jasho juu ya herufi za neno anatoka jasho kweli, lakini jasho hilo halimjengei kumbukumbu kama ile ya mwenzake aliyetumia nusu ya muda huo kufikiri juu ya maana.

Kuna tokeo jingine ambalo walimu hulipokea kwa mshangao. Thomas Hyde na James Jenkins, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka wa 1969 na 1973, waliwapa baadhi ya watu kazi ya kupima kama kila neno linapendeza au halipendezi, na wengine kazi ya kutafuta herufi fulani ndani ya maneno. Katika kila kundi walikuwamo walioambiwa kwamba watatahiniwa na wasioambiwa. Waliopima upendezaji, ambao sharti wafikirie maana, walikumbuka mengi kama walioambiwa wayahifadhi maneno kwa njia yoyote waitakayo. Waliotafuta herufi walikumbuka machache, hata walipokuwa wamekwisha kuonywa kuwa mtihani unakuja. Nia ya kujifunza, ikiwa peke yake, haikuwasaidia. "Someni kwa bidii, mtihani u karibu" ni onyo ambalo nguvu yake yote inategemea kile ambacho mwanafunzi anakifanya baada ya kulisikia.

Kwa nini maana iwe na nguvu kiasi hicho? Wataalamu wametoa sababu ambazo mimi nazipunguza ziwe mbili. Ya kwanza ni wingi wa njia. Neno linaposhughulikiwa kwa maana, huunganishwa na mambo ambayo tayari yamo akilini: vitu, mahali, watu, maneno ya ukoo wake. Kila kiungo ni njia ya kulirudia siku za usoni. Ukisahau njia moja, hupitia nyingine. Neno lililokaririwa kwa wimbo lina njia moja tu, nayo ni neno lililolitangulia katika wimbo. Ndiyo sababu mtoto ukimkatiza katikati ya orodha huomba aanze upya kutoka mwanzo.

Sababu ya pili ni upekee. Herufi m imo katika maelfu ya maneno, na silabi "mu" huishia maneno mengi mno. Alama hizo hazimtambulishi yeyote. Maana ya "mtungo" haiko katika neno jingine lolote. Alama ya maana, basi, ni kama kovu usoni: hukuonesha mtu mmoja katikati ya umati. Alama ya umbo ni kama sare ya shule.

Craik na Tulving waliona pia kwamba maneno yaliyopata jibu la "ndiyo" yalikumbukwa zaidi ya yale ya "la", na kwamba sentensi nzito yenye mambo mengi ilisaidia zaidi ya sentensi nyepesi, mradi neno liafikiane nayo. Neno lililokubalika katika sentensi hufungamana nayo likawa kitu kimoja, na sentensi ikirudi, neno hurudi nayo. Lililokataliwa hubaki nje ya mlango.

Turudi kwenye nomino zetu za makundi tuone kazi hii inavyofanyika darasani. Tuseme mwalimu ana maneno kumi na mawili na dakika arubaini. Badala ya kuyaandika yote kwa safu moja, ayagawe kwa swali hili: kundi hili limekuwaje kundi? Kuna makundi yaliyofungwa. Tita la kuni ni kuni zilizofungwa pamoja, na "kutita" ni kitenzi cha kufunga vitu viwe mzigo mmoja. Kuna yaliyotungwa. Mtungo wa samaki ni samaki waliopitishwa ugwe au kijiti, na kitenzi ni kile kile cha kutunga ushanga, na pia cha kutunga hadithi. Mwanafunzi akishaiona hadithi kama kitu kilichopitishwa uzi, hawezi tena kusema "mtungo wa kuni", kwa sababu hakuna apitishaye uzi ndani ya kuni. Kuna makundi yaliyoshindiliwa, kama robota la pamba. Kuna yaliyoota yenyewe, kama mkungu wa ndizi, na ndani ya mkungu zimo chane, kila chane ikiwa ni safu yake ya ndizi kama vidole vya mkono. Kuna yaliyohesabiwa: doti ya leso ni leso mbili, kwa kuwa leso huuzwa mbili zikiwa pamoja, na kila mtoto aliyemwona mama yake akizikata na kuzipinda anajua hivyo hata kama hakupata kulijua neno lenyewe.

Ama thurea, neno hili lina asili ya Kiarabu, ambako ni jina la kundi moja dogo la nyota angani. Kundi lilo hilo Waswahili huliita Kilimia, jina linalotukumbusha kulima. Mwanafunzi akitolewa nje usiku wakati kundi hilo linapoonekana akaoneshwa zile nyota chache zilizosongamana, neno "thurea" halitakuwa tena sauti ngeni mwishoni mwa wimbo. Litakuwa jina la kitu alichokiona.

Baada ya kugawa, kila mwanafunzi apewe sentensi zenye pengo, na ziwe sentensi zinazodai neno moja tu. "Alinunua ___ ya ndizi" haifai, kwa maana "chane" laweza kuingia na wanafunzi wengine watalazimisha na "mkungu". Afadhali "Mzee aliukata ___ wote mgombani, akampa kila mjukuu chane moja." Hapa akili inalazimika kupambanua kizima na sehemu yake, na upatanisho wa kisarufi unaisaidia: "wote" inataka "mkungu", haikubali "chane". Mwishowe kila mmoja atunge sentensi yake kuhusu mahali anapopajua, iwe ni soko la kwao, pwani, au shamba la nyanya yake.

Mwalimu asiyeniamini anaweza kupima mwenyewe. Aligawe darasa mafungu mawili yenye uwezo sawa na awape maneno yale yale kwa dakika zile zile. Fungu la kwanza liimbe orodha, la pili lifanye kazi niliyoieleza. Asiwaambie kwamba kutakuwa na jaribio, la sivyo watakwenda kusoma nyumbani na kipimo kitaharibika. Asipime papo hapo, maana fungu la wimbo bado litakuwa na maneno midomoni na huenda likaonekana limeshinda. Udanganyifu wa kukariri umejificha hapo: kipimo cha dakika ile ile hulisifu. Angoje siku nane, kisha atoe sehemu mbili za maswali. Sehemu ya kwanza idai neno kutokana na maelezo. Ya pili itoe sentensi kumi, baadhi zikiwa na matumizi yasiyofaa, na mwanafunzi azisahihishe. Wiki inayofuata achukue maneno mengine kumi na mawili na abadilishane mafungu, ili asije akasema kwamba fungu la pili lilikuwa na wanafunzi werevu zaidi.

Ni haki sasa nitaje mipaka ya hoja hii, kwa kuwa hoja isiyo na mipaka huwa mahubiri. Pingamizi la kwanza lilielezwa na Alan Baddeley wa Uingereza mwaka wa 1978. Aliuliza: kina hupimwa kwa kipimo gani? Tukisema kwamba kazi ya kina ni ile inayokumbukwa, kisha tuseme inakumbukwa kwa sababu ni ya kina, tunazunguka mbuyu. Tumekwisha kuona kwamba muda hauwezi kuwa kipimo. Hadi leo hakuna rula ya kupimia kina iliyokubaliwa na wote, na wataalamu wengi huona ni salama zaidi kuzungumzia wingi wa viungo na upekee wa alama. Hata hivyo, tofauti kati ya swali la herufi na swali la maana haikutegemea rula hiyo. Imeonekana tena na tena.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi kwa sisi walimu wa lugha. Mwaka wa 1977 Donald Morris, John Bransford na Jeffery Franks waliwafunza watu maneno, mengine kwa swali la maana na mengine kwa swali la kina cha sauti. Katika mtihani wa kawaida wa kutambua maneno, swali la maana lilishinda, takriban asilimia 84 kwa 63. Lakini walipobadilisha mtihani na kuuliza ni maneno gani yenye kina sawa na yale yaliyomo katika orodha, mambo yaligeuka: waliofunzwa kwa sauti walipata takriban asilimia 49, na waliofunzwa kwa maana asilimia 33. Funzo ni kwamba kujifunza kuzuri ni kule kunakofanana na kazi itakayodaiwa baadaye.

Mshairi wa arudhi hahitaji kuambiwa jambo hili. Anayetafuta neno la kufungia ukwapi sharti awe ameyahifadhi maneno kwa silabi zake za mwisho, na kwake sauti si kiwango cha juujuu hata kidogo. Kadhalika, mwanafunzi anayechanganya "kula" na "kura" ana tatizo la herufi na matamshi. Kumweleza maana za maneno hayo hakutoshi, kwa kuwa maana anazijua. Inambidi ayasikie, ayatamke na ayaandike. Hapo urudiaji wa ulimi na mkono una mahali pake, na simwombi mwalimu yeyote auache. Watafiti wengine wameonesha pia kwamba kurudia kwa kushikilia huongeza kidogo uwezo wa kulitambua neno unapoliona tena, ijapokuwa hakumsaidii mtu kulitoa mwenyewe kichwani. Hapa tunapata maelezo ya yule mtahiniwa anayelalamika kwamba jibu "lilikuwa linanijia" na alipooneshwa baadaye akalitambua mara moja. Alikuwa na kumbukumbu ya kutambua, nao mtihani ulidai kumbukumbu ya kutoa.

Mpaka wa tatu ni maarifa ya awali. Kina hujengwa juu ya kitu kilichokuwapo. Mtoto ambaye hajawahi kuona pamba ikishindiliwa hana pa kulifungia neno "robota", na maelezo marefu ya mwalimu yatakuwa kwake orodha nyingine ya kukariri. Mtoto huyo anahitaji kitu chenyewe, au picha yake, au jambo la karibu analolijua, kabla ya kudaiwa sentensi. Tena kiungo lazima kiwe cha kweli. Asili za maneno zinazobuniwa ili kufurahisha darasa hukumbukwa vizuri mno, na ndiyo hatari yake: kazi ya kina hulihifadhi kosa kwa uthabiti ule ule inaohifadhi nao ukweli.

Na mwisho, kina hakiondoi haja ya kurudi. Neno lililofunzwa vyema Jumatatu likiachwa hadi mwisho wa mwaka litafifia pia, ila litafifia polepole zaidi. Lirejelewe baada ya siku chache, kisha baada ya wiki, na kila mara kwa kumtaka mwanafunzi alitoe mwenyewe kabla hajaoneshwa.

Wanafunzi huniuliza watajuaje kama wanasoma au wanaimba. Mimi huwapa vipimo vitatu vya haraka. Funga daftari, subiri saa moja ukifanya jambo jingine, kisha ueleze jambo hilo kwa maneno ambayo hayakuwa katika daftari. Anza katikati ya orodha badala ya mwanzo. Tunga mfano ambao mwalimu hakuutoa, kisha tunga mwingine ambao haufai na useme kwa nini haufai. Ukishindwa katika vyote vitatu, ulichonacho ni sauti tu, nayo sauti ina siku chache za kuishi.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja mahsusi. Kabla ya kuwaamuru wanafunzi warudie neno, wapeni swali ambalo haliwezi kujibiwa bila kufikiri maana ya neno hilo. Kisha warudie, kama bado mtaona ipo haja.